Klorofili a na b: 23 nm na 20 nm ni karibu sawa au hapana? Tulinganishe nishati

#1 Majani_Mabichi
Wadau habari za jioni. Nimetenganisha klorofili a na b za mchicha kwa safu ya kromatografia, nikaziyeyusha kwenye daiethili etha nikapima kwenye spektrofotomita ya chuo. a imenipa vilele viwili, 430 nm na 662 nm. b imenipa 453 na 642. Nikaandika kwenye ripoti kwamba ukitoka a kwenda b kilele cha bluu kinasogea 23 nm na kile chekundu kinasogea 20 nm kuelekea upande wa pili, kwa hiyo badiliko ni karibu sawa. Msimamizi kazungushia wino hapo kwenye "karibu sawa", pembeni kaandika "linganisha nishati, si nanomita", na chini yake kaorodhesha cm-1, eV na kJ/mol. Sasa swali langu, kama nanomita inageuzwa kuwa nishati kwa fomula moja tu, kwanini 23 na 20 zisibaki karibu sawa hata baada ya kugeuza? Na kati ya hizo tatu naripoti ipi?

#2 Kipimo1240
Hili jepesi mkuu. Kumbuka namba moja tu, 1240. Gawa 1240 kwa nanomita unapata eV, imeisha hiyo. 23 nm ni 1240/23, sawa na 54 eV. 20 nm ni 62 eV. Kwa hiyo msimamizi wako yuko sahihi, hazilingani, tena ile ndogo ndiyo yenye nishati kubwa. Karibu.

#3 FundiSpektra
Kipimo, 1240 ni sahihi ila umeiweka mahali pasipo pake. Fomula hiyo inachukua urefu wa wimbi wa mwanga uliofyonzwa, haichukui tofauti ya nanomita mbili. Ukiipa 23 inadhani unazungumzia mwanga wa 23 nm, yaani urujuanimno wa mbali kabisa. Hiyo 54 eV ingetosha kung'oa elektroni kwenye atomi ya haidrojeni, ambayo inahitaji 13.6 tu, na chenji ingebaki kubwa. Mchicha wa watu hauna habari hiyo.

Majani, utaratibu ni kugeuza kila kilele peke yake kwanza, halafu ndiyo utoe. Kwa cm-1 unagawa 10,000,000 kwa nanomita.

430 inakuwa 23,256 na 453 inakuwa 22,075, tofauti 1,181 cm-1.
662 inakuwa 15,106 na 642 inakuwa 15,576, tofauti 470 cm-1.

Kwa hiyo kilele cha bluu kimesogea mara 2.5 ya kile chekundu. Hiyo "karibu sawa" yako ilitokana na kipimo kinachobana upande wa bluu na kutanua upande wa nyekundu.

#4 Majani_Mabichi
Dah. Mara mbili na nusu? Nilidhani ingekuwa tofauti ndogo ndogo za desimali. Asante Fundi, lakini bado sijaelewa hiyo kubana inatoka wapi.

#5 FundiSpektra
Inatoka kwenye kugawa. Nishati inakwenda kinyume na urefu wa wimbi, kwa hiyo nanomita moja haina thamani moja kila mahali. Chukua 430 na 431, geuza zote mbili kisha toa, utapata kama 54 cm-1. Fanya hivyo hivyo kwa 662 na 663, utapata kama 23 tu. Nanomita ile ile, mashine ile ile, ila kule bluu inabeba nishati zaidi ya mara mbili. Ukitaka njia ya mkato kwa hatua ndogo, gawa 10,000,000 kwa nanomita iliyozidishwa yenyewe, unapata thamani ya nanomita moja pale ulipo. Kwa hatua kubwa kama 23 usitumie mkato, geuza ncha zote mbili.

#6 Kiwanda_Rangi
Salaam wakuu. Mimi niko kwenye maabara ya kiwanda cha rangi za nyumba na hizo cm-1 nazijua vizuri, ni za mashine ya infraredi. Tunasoma 1,700 na kitu kwa kabonili, 3,300 na kitu kwa hidroksili, basi. Sijawahi kuona mtu anaandika cm-1 kwa mwanga unaoonekana kwa macho, elfu ishirini na tatu hiyo mashine gani inafika? Naona mnamchanganya kijana.

#7 FundiSpektra
Kiwanda, cm-1 ni hesabu ya mawimbi mangapi yanaingia kwenye sentimita moja, haijali mashine. Mawimbi ya infraredi ni marefu kwa hiyo yanaingia machache, ya bluu ni mafupi kwa hiyo yanaingia 23,256. Watu wa metali za mpito hawatumii kingine. Ile titani yenye maji sita, ya zambarau, ukiuliza inafyonza wapi utajibiwa 20,300 cm-1, ni wachache watakaokutajia 493 nm.

Halafu mfano wako wa kabonili una faida hapa hapa. Ile tofauti ya 1,181 ya bluu iko kwenye ukubwa ule ule wa mitetemo unayosoma wewe kila siku. Ukiwa na cm-1 unaona mara moja kwamba kuhama kwa kilele kunashindana na mtetemo wa bondi, kwa nanomita huoni.

#8 Kiwanda_Rangi
Hapo nimekupata kidogo. Endeleeni nasoma.

#9 MamaNyanya
Jamani na mimi nina swali maana naona mnaongelea mwanga wa majani. Nina kitalu nyanya Arusha huku juu, kuna mtu ananiuzia taa za kuoteshea, anasema za bluu zina nguvu kuliko nyekundu kwa hiyo miche itakua haraka. Ninunue zipi? Bluu inaitwa 450, nyekundu 660.

#10 Bahari_Mbili
Mama, hujakosea uzi sana. Ni kweli fotoni moja ya bluu ina nguvu zaidi, ila umeme unaulipia kwa jumla. Hapa kJ/mol inasaidia kuliko zote. Gawa 119,627 kwa nanomita. 660 inatoa 181 kJ kwa moli ya fotoni, 450 inatoa 266. Uniti moja ya umeme ni kJ 3,600. Kwa hiyo hata taa isiyopoteza chochote ingekupa moli 19.9 za fotoni nyekundu kwa uniti, na za bluu 13.5 tu. Jani linahesabu fotoni, halihesabu nguvu ya kila moja.

Na ile nguvu ya ziada ya bluu hailetei mmea sukari zaidi. Klorofili a ikifyonza pale 430 inashuka haraka sana hadi hali ile ile ambayo ingefikiwa na 662, iliyobaki inakuwa joto. Hesabu ni 278 toa 181, kama kJ 97 kwa moli zinapotea kabla kazi haijaanza.

#11 MamaNyanya
Kwa hiyo nyekundu tupu?

#12 Bahari_Mbili
Hapana mama, ukiweka nyekundu tupu miche mingi inarefuka vibaya, bluu inatumika kama ishara ya umbo. Mseto, nyekundu nyingi bluu kidogo. Ila mwambie muuzaji akuonyeshe mikromoli za fotoni kwa sekunde na wati zinazovutwa, hilo neno "nguvu" peke yake halitoshi.

#13 MamaNyanya
Asante mwanangu, Mungu akubariki.

#14 Mwalimu_Tabora
Nimefurahi kuona kJ/mol imetajwa maana vijana mnaikimbia. Mimi nimefundisha kemia miaka mingi na nasema wazi, cm-1 na eV ni za wanafizikia. Mkemia anataka kulinganisha na bondi. Ukimwambia mwanafunzi klorini inavunjika kwa 243 kJ/mol, anagawa 119,627 kwa 243 anapata 492 nm, anajua papo hapo kwamba mwanga wenye mawimbi mafupi kuliko hapo una nishati ya kuivunja. Sasa mwambie 1,181 cm-1, anakutazama tu.

Majani, yako kwa kJ/mol ni hivi. Bluu, 278.2 na 264.1, tofauti 14.1. Nyekundu, 180.7 na 186.3, tofauti 5.6. Linganisha na nishati ya joto la chumba, karibu 2.5 kJ/mol. Zote mbili zimeizidi, ila nyekundu kwa mara mbili na kidogo tu. Hiyo ndiyo kemia.

#15 Bahari_Mbili
Mwalimu shikamoo. Nakubali hesabu, sikubali sana maana yake. 243 ya klorini ni ya moli nzima ya bondi zinazovunjika, na mwanga unafyonzwa fotoni moja kwa molekuli moja. Ukisema kJ/mol kwa mwanga unazungumzia moli ya fotoni, hilo sawa, wapo wanaoiita ainstaini. Lakini mwanafunzi akisoma "14 kJ/mol" anadhani ni badiliko la joto la mmenyuko fulani ambalo angeweza kulipima kwa kalorimita, wakati ni tofauti ya mapengo mawili ya elektroni kwenye molekuli mbili tofauti. Mimi natumia eV sababu kompyuta inanipa eV. 2.883 na 2.737, tofauti 0.146. Nyekundu 1.873 na 1.931, tofauti 0.058. Fupi, na hakuna anayedhani ni joto la mmenyuko.

#16 Mwalimu_Tabora
Marahaba. Mwanafunzi akidhani hivyo ni kazi ya mwalimu kumrekebisha, kipimo hakina kosa. Na hiyo 0.058 yako inafanya jambo lionekane dogo. Nani atashtuka kwa 0.058?

#17 Bahari_Mbili
Na hapo ndipo penye hatari mwalimu, hatutakiwi kuchagua kipimo kinachoshtua.

#18 Kipimo1240
Nimewaacha mzungumze. Lakini mbona mnasahau kwamba sampuli iko ndani ya etha? Mwanga ukiingia kwenye kimiminika unapungua kasi na wimbi linafupika. Kipeo cha kupinda mwanga cha etha ni kama 1.35. Kwa hiyo 430 nm yenu ndani ya kyuveti ni 318 nm. Gawa 1240 kwa 318 unapata 3.9 eV, siyo 2.88. Namba zenu zote hapo juu ziko chini.

#19 FundiSpektra
Nusu ya hiyo ni kweli, wimbi linafupika ndani ya etha. Ila masafa hayabadiliki, na nishati ya fotoni inafuata masafa. Ile 1240 ina kasi ya mwanga ya ombwe ndani yake, kwa hiyo inataka urefu wa wimbi wa kwenye ombwe. Ukiipa wimbi lililofupishwa na etha na ukaacha kasi ile ile ya ombwe, umerekebisha upande mmoja wa mlinganyo tu. Fotoni haiongezewi eV 1 kwa kuingia kwenye kyuveti na kunyang'anywa ikitoka.

Unachoweza kudai kwa haki ni hewa. Mashine inasoma nanomita za hewani, na hewa inafupisha wimbi kwa kama sehemu 0.28 kwa 1,000. Kwenye 430 hiyo ni kama 6 au 7 cm-1, kwenye 662 kama 4. Mtu wa spektra za atomi lazima arekebishe. Kwa vilele vya klorofili vyenye upana wa mamia ya cm-1 unaiacha.

#20 Kipimo1240
Kwa hiyo etha haina athari yoyote? Mbona watu wanasema kiyeyusho kinasogeza vilele? Amueni moja.

#21 FundiSpektra
Kinasogeza, ila kwa njia nyingine. Kiyeyusho kinazigusa hali za molekuli yenyewe, kinashusha moja kuliko nyingine, pengo linabadilika. Hilo tayari limo ndani ya 430 uliyosoma. Hulirekebishi kwenye fomula, unaliandika kwenye ripoti kwamba ulipima ndani ya etha, ili asije mtu akalinganisha na namba zilizopimwa ndani ya methanoli.

#22 Zuhura_Kemia
Hamjambo. Nimesoma mpaka hapa, naongeza kisa cha kweli. Nilikuwa nalinganisha rangi za vitambaa, upande mmoja makala ya zamani upande mwingine hesabu za kompyuta. Makala ilikuwa na jedwali la "nishati ya mpito", vipimo vimetajwa kwenye maelezo ya chini tu, tena kwa herufi ndogo. Wenzangu wakaichukulia ni kJ/mol. Rangi moja ilikuwa 55.4. Ukigawa 119,627 kwa 55.4 unapata zaidi ya 2,100 nm, yaani infraredi, na ile rangi unaiona kwa macho iko mbele yako. Ilikuwa kcal/mol. Kwa kcal namba ya juu ni 28,591, ukigawa kwa 55.4 unapata 516 nm, ndiyo yenyewe.

Kwa hiyo kabla hujalinganisha chochote, rudisha namba moja kwenye nanomita ujiulize kama rangi inaendana na unachokiona kwenye chupa. Inachukua nusu dakika.

#23 Mwalimu_Tabora
Zuhura umenena vyema. Mwanga unaoonekana unakaa takriban kati ya 170 na 300 kJ/mol. Kwa eV ni takriban 1.8 hadi 3.1. Namba ikitoka nje ya hapo na dutu ina rangi kali, simama kwanza.

#24 Majani_Mabichi
Nimeweka kwenye Excel nanomita safu ya A, fomula tatu nimeziandika hivi. Zipo sawa?

```
=10000000/A2
=1239.84/A2
=119626.6/A2
```

Na matokeo yanakuja na desimali nyingi, 430 imenipa 23255.81395. Niandike zote?

#25 FundiSpektra
Fomula ziko sawa. Ukitaka kujihakiki gawa safu kwa safu, cm-1 kwa eV lazima itoke 8,065.5 kila mstari, na kJ/mol kwa eV itoke 96.485. Mstari wowote usiotoa hivyo una namba iliyochapwa vibaya.

Desimali hapana. Mashine yako inasoma kwa nanomita 1, sivyo? Basi 430 inaweza kuwa 429 au 431, na hapo nanomita moja ni 54 cm-1. Andika 23,260 au hata 23,300. Muhimu zaidi fanya hivyo kwenye tofauti. Bluu, ncha ya 430 inayumba 54 na ya 453 inayumba 49, zikiyumba vibaya kinyume cha mwenzake tofauti yako ni 1,181 kwa kosa la kama 100. Nyekundu ni 470 kwa kosa la kama 47. Kwa hiyo ile mara 2.5 ni kati ya 2 na 3. Bado haikaribii 1, hoja ya msimamizi inasimama, ila usiandike 2.51.

#26 Bahari_Mbili
Na mimi nina la kuongeza ambalo litaleta ubishi. Ukibadilisha mhimili wa chini kutoka nm kwenda cm-1, mstari wima nao unatakiwa urekebishwe. Kuna kuzidisha kwa nanomita mara yenyewe, usipofanya hivyo kilele kinakaa mahali pasipo sahihi. Mbona hakuna aliyesema?

#27 FundiSpektra
Kwa sababu haihusu ufyonzaji. Hiyo ni ya mwanga unaotolewa, mng'ao, pale mashine inapohesabu fotoni kwa kila nanomita ya upana. Nanomita zikiwa na thamani tofauti za nishati, vipande vya upana vinabadilika na hesabu ndani yake nayo inabadilika, kwa hiyo unazidisha. Ufyonzaji ni uwiano wa mwanga ulioingia na uliotoka pale pale kwenye wimbi lile. Vyote viwili vingezidishwa kwa kitu kile kile na kingekatika. Nukta iliyokuwa juu kabisa kwenye 430 inabaki juu kabisa kwenye 23,256.

#28 Bahari_Mbili
Kwa ufyonzaji sawa. Lakini watu wengi wanalinganisha ufyonzaji na mng'ao kwenye mchoro mmoja, wanatoa kilele kimoja kwa kingine kupata pengo kati yao. Wakigeuza mhimili bila kuzidisha upande wa mng'ao, pengo hilo linakosea. Kwa mkanda mpana linaweza kukosea makumi hata mamia ya cm-1.

#29 FundiSpektra
Hapo tuko pamoja, japo kuna wanaosema ukitaka kilele tu, geuza namba ya kilele uliyoisoma kwenye nanomita uache mchoro. Mimi sipendi hiyo ila nimeiona kwenye makala nyingi na sidhani mabishano hayo yatakwisha hapa.

#30 Kiwanda_Rangi
Swali la mtu wa nje. Mmeshajua bluu imesogea mara 2.5 ya nyekundu. Kwanini sasa? Na kwanini moja inapanda nishati nyingine inashuka? Hilo ndilo ningetaka kulijua mimi.

#31 Zuhura_Kemia
Klorofili b ina kikundi cha formili kwenye kaboni namba 7 mahali ambapo a ina methili. Formili ina bondi mbili yake, inarefusha njia ya elektroni kutembea kwenye pete, njia ikirefuka pengo linapungua. Ndiyo maana bluu imeshuka kutoka 23,256 hadi 22,075.

#32 Mwalimu_Tabora
Lakini kwa maelezo hayo nyekundu nayo ingeshuka Zuhura, na imepanda, 15,106 hadi 15,576.

#33 Bahari_Mbili
Mwalimu ameliona. Pete za aina hii hazielezeki kwa pengo moja. Kuna modeli ya Gouterman ya miaka ya 1960, inachukua obitali nne, mbili za juu zilizojaa na mbili za chini zilizo tupu. Mikanda ya bluu na nyekundu yote inatokana na hizo nne kuchanganyika. Ukisogeza obitali moja kwa kuweka formili, mchanganyiko wote unabadilika, kwa hiyo mkanda mmoja unaweza kupanda na mwingine kushuka kwa kiasi tofauti. Formili inavuta elektroni, na mahali ilipo kwenye pete pana maana kuliko urefu wa njia.

#34 Zuhura_Kemia
Sawa, ila modeli hiyo inakupa upande tu, inakupa na 2.5? Mimi nadhani urefu wa njia una mchango wake kwenye bluu, na kuvuta elektroni kuna mchango wake kwenye nyekundu. Viwili pamoja.

#35 Bahari_Mbili
Namba haikupi bila kupiga hesabu kamili. Na hesabu kamili yenyewe inatoa nishati ya kuruka wima bila viini kusogea, ambayo si lazima ilingane na kilele unachosoma. Kukosea 0.1 au 0.2 eV ni jambo la kawaida, wakati tofauti yote tunayoijadili kwenye nyekundu ni 0.058. Inabidi utegemee makosa ya a na b yafanane yakatike, na mara nyingine hayafanani.

#36 FundiSpektra
Kabla hamjajenga ghorofa juu ya 453, niulize kitu. Majani, una uhakika 453 ni ya klorofili b tu? Mchicha umejaa karotenoidi, na hizo zinafyonza pale pale karibu na 450, na tena kati ya 470 na 480. Safu ikivuja kidogo zinakaa chini ya kilele chako cha bluu na hutaziona kwa macho kwa sababu b yenyewe ina umanjano. Upande wa nyekundu hazigusi kabisa.

Nipe urefu wa kilele cha 453 ugawe kwa urefu wa kile cha 642. Klorofili b safi ndani ya etha inatoa kama 2.8.

#37 Majani_Mabichi
Nimeangalia. 453 ni 0.83 na 642 ni 0.23. Inatoka 3.6. Na kwa a, 430 kwa 662 ni kama 1.3.

#38 FundiSpektra
a iko vizuri. b inanitia shaka, 3.6 ni kubwa. Karotenoidi zipo.

#39 Kiwanda_Rangi
Au mpasuo wa mashine umewekwa mpana? Kwetu huku mpasuo ukiwa mpana vilele vyembamba vinafupika. Mkanda wa nyekundu wa klorofili si mwembamba? Ukifupika wenyewe, uwiano unapanda bila karotenoidi yoyote.

#40 Zuhura_Kemia
Point nzuri, ila mpasuo ungefupisha na nyekundu ya a pia, na uwiano wa a umetoka vizuri. Au wote walipimwa kwa mpasuo tofauti?

#41 Majani_Mabichi
Mpasuo ule ule, 2 nm. Nimeangalia tena mchoro wa b, baada ya 453 haushuki moja kwa moja, kuna kabega kadogo pale 475 hadi 480.

#42 FundiSpektra
Kabega hako ndiko nilikokuwa nakatafuta. Ipitishe tena kwenye safu, karotini itatangulia, lutaini ndiyo itakusumbua kwa sababu inatembea karibu na b. Kilele kikihama hata nanomita 2 baada ya kusafisha, hiyo ni karibu 100 cm-1 kwenye ile 1,181.

#43 Kipimo1240
Na kikihamia 451, gawa 1240 kwa 451, kisha 1240 kwa 430, ndiyo utoe. 2.749 na 2.884. Tofauti 0.135.

#44 FundiSpektra
Hapo sawasawa kabisa mkuu.

#45 Mwalimu_Tabora
Na kwa kilojuli ni 13 kamili kwa moli. Majani, ukishapima weka hapa namba za uwiano pia, siyo vilele tu.

#46 Majani_Mabichi
Nitaweka. Safu nyingine ninaipanga kesho asubuhi, silika imebaki kidogo lakini inatosha. Na swali la ripoti naona halijaamuliwa, nikiweka jedwali la cm-1 na safu ya kJ/mol pembeni msimamizi atakubali?

#47 Bahari_Mbili
Weka na nanomita ulizosoma kwenye mashine, hizo usizifute kamwe. Mengine mtu yeyote anaweza kuyapiga upya kutoka hapo.